Nani muuguzi? Barua ya posa kutoka Granville hadi Fairfield

Wiki hii safu inaingia kwenye kazi inayonilipia kodi ya nyumba, yaani kusahihisha tafsiri zilizofanywa na mashine. Nikimwambia mtu hivyo, hudhani nakaa natafuta herufi zilizokosewa. Kumbe mashine za siku hizi hazikosei herufi. Sentensi zake ni laini, zimenyooka, zina nukta mahali pake. Tatizo ni kwamba sentensi laini inaweza kumwoza mtu asiyehusika, na msomaji asishtuke.

Nitawaonyesha kwa kazi moja halisi. Kijana wa hapa Granville, wazazi wake watu wa Tanga, anataka kumuoa binti wa familia ya Kichile inayoishi Fairfield. Kwa treni ni vituo vinne tu: Merrylands, Guildford, Yennora, halafu umefika. Lakini wazee wa upande wa kijana walitaka mambo yaende kwa utaratibu, kwa barua ya posa. Wao waliandika kwa Kiswahili, na wazazi wa binti wanasoma Kihispania. Kijana akaipitisha barua kwenye mashine ya kutafsiri, kisha akaniletea zote mbili, ya asili na ya mashine, nizitazame kabla ya kupelekwa. Wenyewe wameniruhusu niieleze hapa, mradi nisitaje majina.

Kwanza mjue kwa nini lugha hizi mbili zinasumbua zikikutanishwa. Hapa Australia, vyeti vya watafsiri vya NAATI hupimwa kati ya Kiingereza na lugha nyingine. Kwa hiyo barua rasmi ya Kiswahili kwenda Kihispania kwa kawaida hupita kwa watu wawili, mmoja anaipeleka kwenye Kiingereza, mwingine anaitoa huko. Mashine nazo zimezoea njia hiyohiyo. Maandishi yaliyopo kwa Kiswahili na Kihispania pamoja, sentensi kwa sentensi, ni machache sana ukilinganisha na yale yenye Kiingereza upande mmoja. Basi mashine nyingi huigeuza sentensi yako kuwa ya Kiingereza kwanza, halafu ndiyo wanaipeleka kunakotakiwa. Hata zile zinazovuka moja kwa moja, sehemu kubwa ya walichojifunza kilipitia Kiingereza, na harufu yake inabaki.

Sasa fikirieni kinachopotea njiani. Kiswahili kina “wewe” na “ninyi”. Kihispania kina “tú” kwa mtu mliyezoeana, “usted” kwa mtu wa heshima, na “ustedes” kwa wengi. Katikati yao Kiingereza kina neno moja tu, “you”. Chochote ulichokibeba kuhusu idadi na heshima, pale mlangoni unakiacha. Upande wa pili mashine inabidi ibahatishe.

Jinsia nayo ina mkasa wake. Kiswahili hakiulizi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. “Yeye”, “alikuja”, “mtoto wake”, hakuna hata moja linalokuambia. Kiingereza kinauliza kidogo, Kihispania kinauliza kila kona: kwenye jina la kazi, kwenye kivumishi, kwenye neno la mbele ya jina. Kwa hiyo ukienda Kihispania, mashine lazima ijaze kitu ambacho Kiswahili hakikukisema. Inajaza kwa mazoea ya maandishi iliyosomeshwa, ambamo muuguzi huwa mwanamke na mhandisi huwa mwanamume. Si Kiswahili tu. Kituruki nacho hakina jinsia kwenye neno la “yeye”, na mwishoni mwa mwaka 2018 Google walianza kuonyesha tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya sentensi fupi za Kituruki kwenda Kiingereza, kwa sababu ya tatizo hilihili.

Haya, barua yenyewe. Hiki ni kipande cha katikati, kama wazee walivyoandika:

“Shikamooni. Sisi wazazi wa kijana tunabisha hodi kwenu. Kijana wetu anaishi Granville. Yeye ni muuguzi. Mtoto wenu tunamfahamu, ni mhandisi. Kijana wetu ameona ua katika bustani yenu, naye anaomba kulichuma. Mkimkubali, atakuwa amepata jiko.”

Na mashine ikatoa hivi:

“Hola. Nosotros, los padres del joven, llamamos a tu puerta. Nuestro joven vive en Granville. Ella es enfermera. Conocemos a tu hijo, es ingeniero. Nuestro joven ha visto una flor en tu jardín y pide cortarla. Si lo aceptas, habrá conseguido una cocina.”

Kwa wasiosoma Kihispania: kijana amekuwa “ella”, yaani yeye wa kike, na kazi yake imeandikwa “enfermera”, muuguzi wa kike. Binti amekuwa “hijo”, mtoto wa kiume, tena “ingeniero”. Kwa hiyo familia ya Fairfield ingepokea posa ya mtoto wa kiume ambaye hawana. Anayeposa ni mwanamume kwenye sentensi ya tatu na mwanamke kwenye sentensi ya nne.

Hapa watu hufanya jaribio linaloonekana la busara. Wanaichukua tafsiri ya Kihispania na kuirudisha Kiswahili kwa mashine, waone kama inalingana na ya kwanza. Kijana wetu naye alifanya hivyo. “Ella es enfermera” ikarudi “Yeye ni muuguzi”. Safi kabisa! “Tu hijo” ikarudi “mtoto wako”. Akaona kasoro ndogo tu. Jaribio hili lina upofu mahali palepale tunapotaka kuona. Kosa la jinsia linazaliwa kwa kuwa Kiswahili hakitaji jinsia, na kwa sababu hiyohiyo, ukirudi kwenye Kiswahili kosa linajificha. Ukiligeuza mara kumi litarudi safi mara kumi. Kurudisha tafsiri kunaweza kukusaidia kukamata namba iliyobadilika au sentensi iliyorukwa. Kwa jinsia na heshima kati ya lugha hizi mbili hakukusaidii kitu.

Kinachosaidia ni kazi ya dakika chache kabla hujaifungua tafsiri. Mimi huchukua karatasi na kuandika watu wote waliomo: nani anaandika, nani anaandikiwa, ni mmoja au wengi, mwanamke au mwanamume, nani mkubwa kwa nani. Kwa barua hii karatasi ilikuwa na mistari minne. Wanaoandika ni baba na mama. Wanaoandikiwa ni baba na mama, hawajawahi kukutana. Kijana ni mwanamume, muuguzi. Binti ni mwanamke, mhandisi. Baada ya hapo husomi sentensi kwa kuuliza “inapendeza?” Unasoma kila neno linalomgusa mtu na kuuliza “huyu ni yupi kwenye karatasi yangu?” Kama karatasi haina jibu, unampigia simu mwenye barua. Hubahatishi, maana kubahatisha mashine ilishafanya.

Jinsia ikishakaa sawa, heshima ndiyo inayofuata. “Tu puerta”, “tu hijo”, “tu jardín”, “si lo aceptas”: hayo yote ni ya kumwambia mtu mmoja, tena mtu mliyezoeana. Wazee waliandika “kwenu”, “wenu”, “yenu”, “mkimkubali”. Wingi wao ulikuwa wazi, ila ulimezwa na lile “you”. Kihispania cha Chile, kama kwingine Amerika ya Kilatini, kinataka “ustedes” hapa. Na kuna mtego mwingine mdogo. “Su hija” inaweza kuwa binti yenu, binti yake, au binti yao. Pale inapoweza kuchanganya, unaandika kwa urefu, “la hija de ustedes”, ili asibaki mtu anayejiuliza ni binti wa nani.

“Shikamooni” ikawa “Hola”. Sisi tuliokulia huku tunajua uzito wake, si ndiyo? Ni neno ambalo mama alikufinya ukilisahau mbele ya wageni. “Hola” unaweza kumwambia mwenye duka, au paka. Kihispania hakina neno moja la mdogo kumwamkia mkubwa. Tena hapa shikamoo haikuwa ya umri tu, maana wazee hawa wanalingana. Ilikuwa ya mwombaji kumnyenyekea anayeombwa. Kwa hiyo heshima ile unaihamisha kutoka kwenye neno la salamu hadi kwenye sentensi nzima: “Reciban ustedes nuestro más respetuoso saludo”, yaani pokeeni salamu zetu za heshima kubwa. Usitafute neno kwa neno. Tafuta mahali ambapo lugha ya pili huweka heshima yake.

Halafu misemo. Dalili ya msemo uliotafsiriwa vibaya ni kitu kisicho na shughuli kwenye sentensi. Barua ya posa, ghafla imetokea “cocina”, jiko la kupikia. Ukiona kitu cha namna hiyo, rudi kwenye Kiswahili. “Kupata jiko” tunajua ni kuoa. Mchile hajui, naye atasoma kwamba binti yake, mhandisi, anatakiwa kama jiko. Hapo si kicheko tena, hapo posa imekufa. Wengine kati yenu mtasema hata kwa Kiswahili msemo huo umezeeka vibaya, na mnaweza kuwa na haki, lakini msahihishaji hana ruhusa ya kuwahukumu wazee ndani ya barua yao. Anatafuta walichokusudia. Na hapa Kihispania kilitupa zawadi. Neno lao la nyumbani penye familia ni “hogar”, na asili yake ni mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba. Wao nao walitoka motoni wakafika kwenye familia. “Habrá formado su hogar”, atakuwa amejenga nyumba yake. Moto umebaki, na tusi limeondoka.

Ua lilihitaji tahadhari zaidi, maana tafsiri ya mashine haikuwa na kosa la kisarufi hata moja. “Ha visto una flor en tu jardín y pide cortarla” inaeleweka. Lakini Kihispania kina kitenzi “desflorar”, kinachotokana na “flor”, ua, na maana yake mojawapo ni kumtoa msichana ubikira. Ukiandika kwamba kijana anaomba kulikata ua la watu, mzazi anaweza kusikia mwangwi ambao watu wa Tanga hawakuuweka. Kihispania kina namna yake ya posa, “pedir la mano”, kuomba mkono. Je, tufute ua tuweke mkono? Niliwauliza wazee. Baba akasema mkono sawa, ila ua lisipotee, ndiyo mila yetu. Basi tukaandika: “En nuestra costumbre se dice que hemos visto una flor en el jardín de ustedes: venimos a pedir la mano de su hija.” Yaani kwa mila yetu husemwa hivi, na maana yake ni hii. Ua limetajwa ila halikatwi.

Baada ya wiki mbili jibu likaja, kwa Kihispania. Hapa makosa yanageuka upande. Kwenda Kiswahili, jinsia haikutakiwi tena, lakini Kiswahili kina maswali yake ambayo Kihispania hakikuyajibu. Sentensi mbili zilinishughulisha kuliko zote:

“La abuela mandó una colcha tejida por ella, es muy linda y llegó ayer. Vendrán los tíos de Melbourne y vamos a echar la casa por la ventana.”

Mashine:

“Bibi alituma tandiko alilolifuma, yeye ni mrembo sana na alifika jana. Wajomba kutoka Melbourne watakuja na tutaitupa nyumba nje ya dirisha.”

Mama wa kijana aliposoma “alifika jana” alianza kupanga siku ya kwenda kumsalimia bibi. Bibi yuko Valparaíso, na hana mpango wa kupanda ndege. Kilichofika ni tandiko la kitanda. Kihispania hudondosha kiima. “Llegó” ni alifika, lilifika, kilifika, vyovyote. Na “linda” ni ya kike kwa sababu neno “colcha” ni la kike, si kwa sababu ya bibi. Sisi tuna ngeli, na ngeli haina msamaha: kama ni tandiko, useme “ni zuri sana na lilifika jana”. Kwa hiyo ukisahihisha kwenda Kiswahili, simama kwenye kila “a-” ya mwanzo wa kitenzi na uulize kama kweli ni mtu. Mashine ikibanwa hukimbilia mtu.

“Los tíos” ni mtego ambao hakuna ufundi wa lugha utakaokutoa. Kwa Kihispania wingi wa kiume hubeba wanaume peke yao, au wanaume na wanawake pamoja. “Los padres” ni wazazi, si akina baba tu, na “los hijos” ni watoto. “Los tíos” basi ni ndugu za wazazi, wa kike na wa kiume, wa upande wowote. Kiswahili kinataka kujua: mjomba? Baba mdogo? Shangazi? Mama mkubwa? Nawajua baadhi yenu mmekua mkimwita kila mtu mzima “uncle” na “aunty”, lakini wazee wa Tanga wakisoma “wajomba” wataelewa kaka za mama, nao watajiandaa kuwapokea hivyo. Nikaweka alama ya kuuliza pembeni, na nikaandika kwa muda “ndugu za wazazi wake”. Hiyo haiongopi, ingawa ina baridi kidogo.

Na ile nyumba inayotupwa dirishani? Hiyo dalili tuliyoisema: kitu kisicho na shughuli. “Echar la casa por la ventana” ni kutumia bila kujibana kwa ajili ya sherehe. Kiswahili cha vijana kina “sherehe ya kukata na shoka”, na kama jibu lingekuwa ujumbe wa binti kwa mashemeji zake, ningeandika hivyo bila kusita. Lakini ni barua ya wazazi kwa wazazi. Nikaandika “tutaandaa sherehe kubwa, wala hatutabana mkono”. Maana ni ileile, ila imevaa kanzu.

Mtauliza, kwa kazi yote hii si bora kutafsiri tangu mwanzo? Mara nyingine ndiyo. Kuna kiwango cha kimataifa cha kazi hii, ISO 18587 cha mwaka 2017, na kinachodai ni usahihishaji kamili, matokeo yafanane na kazi ya mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Kipimo changu ni rahisi. Nasahihisha aya ya kwanza, na kama nimegusa kila sentensi, naifunga tafsiri ya mashine na kuandika yangu. Barua ya posa niliiandika upya yote. Jibu la Fairfield lilikuwa na aya mbili za tarehe, anwani na idadi ya wageni, na pale mashine ilikuwa sahihi, nikaziacha. Hatua ya mwisho ilikuwa ileile kwa zote mbili: soma kwa sauti lugha ya mwisho peke yake, bila ya asili pembeni. Kihispania nilimsomea mwenzangu wa kazini, Mchile, kwa kuwa masikio yangu ya Kihispania ni ya chuo kikuu, si ya jikoni.

Kuhusu “los tíos”, simu moja kwenda Fairfield ilimaliza. Ni kaka wawili wa mama na dada mmoja wa baba. “Wajomba wawili na shangazi,” nikaandika, nikafuta ile alama ya kuuliza. Mama wa kijana aliposikia kuna shangazi, akasema basi huyo atafutiwe kanga yake kabisa.